Siku Tatu za Kasi, Nne za Kupoa: Wiki ya Mkimbiaji wa Mita 100 Shuleni

Alasiri baada ya masomo, kwenye viwanja vya shule nyingi za sekondari za Tanzania na Kenya, mazoezi ya riadha huanza kwa mtindo mmoja. Filimbi inalia, kundi zima linazunguka uwanja mara nne au tano, kisha mwalimu wa michezo anaamuru mita 200 mara nane, na kupumzika ni dakika moja tu. Wa mita 1500 yumo, wa mita 5000 yumo, na wa mita 100 naye yumo humo humo. Kesho ni vivyo hivyo, keshokutwa pia. Ikifika wiki ya tatu, yule wa mita 100 muda wake umerudi nyuma, anatembea ameshika paja kwa nyuma, na wenzake wanasema hana pumzi.

Pumzi anazo. Tatizo ni kwamba anafanya mazoezi ya mbio za watu wengine.

Mazoea haya yana asili yake. Jina la ukanda huu katika riadha lilijengwa na wakimbiaji wa mbio za kati na ndefu. Kipchoge Keino alitwaa dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, na Filbert Bayi akavunja rekodi ya dunia ya umbali huo huo mjini Christchurch mwaka 1974. Walimu wamerithi mazoezi ya mabingwa hao na kuyagawa kwa kila mtoto mwenye miguu myepesi. Lakini Septemba 2021, kwenye uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, Ferdinand Omanyala, kijana aliyeanzia kwenye raga, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 na kuweka rekodi ya Afrika. Mwaka uliofuata akachukua dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham. Vipaji vya mbio fupi vipo huku kwetu. Shuleni, vingi huishia kwenye ile mizunguko ya kila siku.

Kinachohitajika si vifaa vya gharama. Ni wiki iliyopangwa vizuri: siku gani mtoto akimbie kwa nguvu zote, siku gani ajifunze mwendo, na siku gani aachwe apumzike.

Uchovu wa aina mbili

Anayekimbia mita 100 hategemei sana hewa anayoivuta wakati huo. Katika sekunde za mwanzo misuli hutumia akiba ndogo ya nishati iliyomo ndani yake yenyewe, kemikali iitwayo fosfokreatini. Sekunde kumi hivi za kukimbia kwa nguvu zote zinatosha kuipunguza sana akiba hiyo. Sehemu kubwa hurudi ndani ya dakika moja hivi, ila kujaa karibu yote huchukua dakika tatu hadi tano, pengine zaidi. Mwanafunzi anayepewa dakika moja kati ya mbio za mita 200 hukimbia ya kwanza kwa kasi. Kuanzia ya tatu anavumilia tu. Nyonga zimeshuka, miguu inakawia chini, mabega yamepanda hadi masikioni. Hapo anachojifunza ni kukimbia akiwa amechoka, na mwili hushika kile unachorudiarudia.

Ndiyo maana makocha wa mbio fupi wana kanuni rahisi ya kupumzika: dakika moja kwa kila mita 10 zilizokimbiwa kwa kasi ya juu. Mita 30, dakika tatu. Mita 60, dakika sita. Kwa mwalimu aliyezoea kuona watoto wakihema, kusubiri hivyo huonekana ni uvivu. Bila kusubiri, hata hivyo, mbio inayofuata haitakuwa ya kasi tena.

Uchovu wa pili hauondoki kwa dakika. Katika kasi ya juu mguu hugusa ardhi kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde tu, na kwa muda huo mfupi unabeba mzigo unaozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Msuli wa nyuma ya paja una kazi nzito zaidi. Goti likinyooka kuelekea mbele, kabla mguu haujatua, msuli huo huvutwa huku ukijikaza kuuzuia mguu usirushwe mbele kupita kiasi. Majeraha mengi ya wakimbiaji wa mbio fupi hutokea hapo hapo. Msuli uliokazwa huku ukivutwa huuma zaidi siku ya pili kuliko jioni ile ile, na nguvu zake hazirudi kwa usingizi wa usiku mmoja. Kwa hiyo kati ya siku moja ngumu na nyingine huachwa takriban saa 48.

Aliyeifanya hesabu hii ijulikane sana ni Charlie Francis, kocha wa Kanada. Aligawa mazoezi mafungu mawili: yale ya asilimia 95 na kuendelea ya uwezo wa mkimbiaji, na yale mepesi yasiyozidi asilimia 75. Eneo la katikati alilikwepa, kwa sababu ni la polepole mno kumfundisha mtu kasi na ni zito mno kumwacha apone kabla ya siku ngumu inayofuata. Jina la Francis lina doa kubwa. Mwanariadha wake Ben Johnson alinyang'anywa dhahabu ya Seoul mwaka 1988 kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku, na kocha mwenyewe alikiri mbele ya tume ya uchunguzi nchini mwake. Mgawanyo wake wa siku unatumika hadi leo kwa wanariadha safi, lakini idadi ya mita na mbio walizokimbia watu wale haifai kunakiliwa. Dawa zile zilisaidia miili yao kupona upesi. Mwili wa mwanafunzi unapona kwa chakula na usingizi tu.

Mwanafunzi wa mfano

Tumchukue msichana wa miaka 15, kidato cha pili, katika shule ya bweni. Anakimbia mita 100 kwa sekunde 13.4 na analenga mashindano ya UMISSETA, kwanza apenye wilayani kisha mkoani. Ameshafanya mazoezi mwaka mmoja. Uwanja wa shule una nyasi upande mmoja na changarawe upande mwingine. Kengele ya kuamka hulia saa kumi na moja alfajiri, kuna mchakamchaka na usafi, masomo hadi alasiri, na saa moja usiku anatakiwa awe darasani kujisomea. Muda wa michezo ni kuanzia saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili kasoro. Taa za bweni huzimwa saa nne usiku.

Jumatatu ni siku ngumu ya kwanza, kwa kuwa Jumapili alipumzika na miguu iko safi. Kazi ya siku hiyo ni kuondoka: kutoka kusimama hadi kushika mwendo. Dakika 25 za kwanza ni za kupasha mwili moto. Anakimbia taratibu dakika tatu, anazungusha nyonga na kurusha miguu mbele na nyuma, anatembea huku akiinua goti, kisha anakimbia mita 40 mara nne, kila mara akiongeza kasi kidogo. Sehemu hii haikatwi hata muda ukiwa mfupi. Likibidi, hupunguzwa mbio zenyewe.

Halafu anakimbia mita 20 mara nne na mita 30 mara nne, jumla mita 200, akipumzika dakika mbili hadi tatu kila mara. Mwalimu anasimama ubavuni na kutazama jambo moja: hatua ya kwanza inatua wapi. Mguu ukitua mbele ya nyonga, unafunga breki kabla safari haijaanza. Ukitua chini ya nyonga au nyuma yake kidogo, unasukuma. Kosa jingine la kawaida ni kunyanyua kichwa mapema, ambapo ifikapo hatua ya tatu mwili wote umesimama wima na msukumo umekwisha. Maelekezo huwa mafupi: "Sukuma ardhi nyuma, tazama chini." Akipewa maagizo matano kwa pamoja hatashika hata moja.

Baada ya mbio anaruka mbele kwa miguu miwili mara tisa, tatu tatu, kisha anafanya mazoezi ya nguvu kwa dakika 15: kuchuchumaa na kuinuka, kupiga hatua ndefu na kushuka, na zoezi moja la msuli wa nyuma ya paja ambalo halihitaji chuma. Anapiga magoti kwenye mkeka, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashuka mbele polepole akiwa amenyooka kuanzia magoti hadi mabega, akijizuia hadi anaposhindwa na kujidaka kwa mikono. Wiki za mwanzo ni seti mbili za mara nne. Tafiti zilizokusanya maelfu ya wanamichezo, wengi wao wanasoka, zimeonyesha kwamba zoezi hili hupunguza majeraha ya msuli huo kwa karibu nusu. Linaumiza sana siku mbili za mwanzo, kwa hiyo halianzishwi kamwe katika wiki ya mashindano.

Mazoezi ya nguvu yamewekwa siku hiyo hiyo ngumu kwa makusudi. Yakihamishiwa Jumanne, Jumanne nayo inageuka ngumu, na Jumatano mtoto anafika uwanjani na miguu mizito.

Mwendo hufundishwa mwili ukiwa umetulia

Jumanne ni ya mwendo na mbio za taratibu. Anaanza na mazoezi ya mwendo akiwa hajachoka: kutembea kwa kuinua goti, kuruka kidogo huku goti likipanda, kupitisha kisigino chini ya makalio. Kila zoezi ni mita 20 na kurudi kwa kutembea. Watoto hupenda kuyafanya haraka haraka ili wamalize, na hapo hayana faida. Kinachotazamwa ni kidole kikubwa kuelekea juu wakati goti limepanda, na mguu kutua chini ya nyonga ukiwa mkakamavu, bila kisigino kupiga chini kwa kishindo. Kila baada ya zoezi moja anakimbia mita 40 kwa kasi ya wastani akijaribu kulibakiza jambo lile lile. Bila mbio hizo fupi, mtoto anaweza kuwa fundi wa mazoezi ya mwendo na bado akakimbia kama zamani.

Kisha anakimbia kwenye nyasi mita 100 mara nane, kila moja kwa sekunde 20, akitembea dakika moja katikati. Kwa mtu wa 13.4, sekunde 20 ni kama theluthi mbili ya kasi yake. Mbio hizi zinasaidia damu kuzunguka, zinamjengea uwezo wa kuhimili mazoezi, na zinampa nafasi ya kukimbia kwa mwendo mzuri mara nyingi bila kuumia. Kipimo ni maongezi: akimaliza lazima aweze kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi.

Siku hii nyepesi ndiyo huharibika kwa urahisi zaidi. Wavulana wanapita pembeni, mmoja anamchokoza, sekunde 20 zinakuwa 17, na kabla mwalimu hajageuka Jumanne imeingia katika lile eneo la katikati. Uharibifu hauonekani jioni hiyo. Utaonekana kesho yake.

Jumatano na simu ya mwalimu

Jumatano ni siku ngumu ya pili, na ndiyo ya kasi ya juu kabisa. Usain Bolt alipokimbia 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alifikia kilele cha kasi kati ya mita 60 na 80. Mwanafunzi hufikia kilele chake mapema zaidi, mara nyingi kati ya mita 30 na 50, kwa hiyo hana haja ya kukimbia mbali ili akiguse. Msichana wetu anajikusanya kwa mita 25, kisha anapita kwa nguvu zote katika eneo la mita 20 lililowekwa fito mbili, na baada ya hapo anaachia taratibu bila kufunga breki. Anafanya hivyo mara nne, akipumzika dakika tano.

Hapa saa ya mkononi haitoshi. Mtu anayebonyeza saa kwa kidole hukosea kwa sehemu moja au mbili za kumi za sekunde, na tofauti inayotafutwa ni ndogo kuliko hiyo. Simu ya kawaida hufanya kazi vizuri zaidi. Inawekwa juu ya kiti au tofali, mita kama 20 pembeni ya njia, ikitazama katikati ya eneo ili fito zote mbili zionekane, na haiguswi tena. Ikirekodi fremu 60 kwa sekunde, mwalimu anasogeza video fremu moja moja na kuhesabu tangu nyonga ilipopita ufito wa kwanza hadi ilipopita wa pili. Fito zikae karibu na mstari anaopita mkimbiaji, na simu isihamishwe kati ya mbio na mbio, la sivyo hesabu haitalingana.

Tuseme mbio ya kwanza ni fremu 147, ya pili 146. Fremu 146 kugawa kwa 60 ni sekunde 2.43, yaani kasi ya mita 8.2 kwa sekunde. Mbio ya tatu ikiwa 148 hakuna neno. Ikiwa 151, amepungua kwa zaidi ya asilimia tatu, na mazoezi ya kasi ya siku hiyo yanaishia hapo hata kama ratiba inasema nne. Hii ndiyo faida ya kupima: mwalimu anaacha kwa sababu kasi imeshuka, hamsubiri mtoto mpaka aumie.

Alhamisi hakuna mazoezi

Alhamisi anapumzika kabisa. Katika shule ya bweni jambo hili linahitaji mwalimu wa michezo azungumze na wenzake, maana mazoezi si mzigo pekee unaoiangukia miguu ya mwanafunzi. Mchakamchaka wa alfajiri, ukiwa wa taratibu na wa dakika kumi na tano, hauna madhara makubwa. Ukiwa wa nusu saa kwenye lami, kila siku, unaingia kwenye hesabu, na ni afadhali mtoto huyu apewe kazi nyingine alfajiri za siku ngumu. Kubeba ndoo za maji kutoka mtoni nako kunaingia kwenye hesabu.

Adhabu pia. Kuruka kichurachura mara 40 mbele ya darasa ni mzigo mzito wa kuruka kwa magoti na mapaja, mzito kuliko miruko yote ya Jumatatu. Mtoto aliyeadhibiwa hivyo Jumanne asubuhi hana kasi ya Jumatano jioni, na akilazimishwa kukimbia kwa nguvu zote anakaribisha jeraha.

Na kuna usingizi. Vijana wa umri huu wanahitaji saa nane hadi kumi kwa usiku. Anayelala saa nne na kuamshwa saa kumi na moja anapata saba, na ile saa moja inayokosekana hujirudia kila siku. Kulala kidogo Alhamisi wakati wenzake wako uwanjani ni sehemu ya ratiba, sawa na mbio za Jumatano.

Ijumaa ndefu, Jumamosi nyepesi

Ijumaa ni siku ngumu ya tatu, nayo ni ya kushikilia kasi. Wasichana wengi wa shule hawapotezi mita 100 mwanzoni. Wanaipoteza baada ya mita 60, kasi inapoanza kushuka nao wakajikaza uso na shingo wakidhani wanaongeza. Anaanza na kuondoka mara tatu kwa mita 15 kutoka kwenye vitalu, au kutoka kwenye mashimo mawili yaliyochimbwa kwenye changarawe ikiwa vitalu havipo. Kisha anakimbia mita 80 mara tatu, akipumzika dakika nane hadi kumi. Anachoambiwa katika mita 20 za mwisho ni kulegeza taya na mikono, na kuendelea kuinua magoti. Wiki moja katika mbili, kwa ajili ya mbio za mita 200, mita 80 hizo hubadilishwa kuwa mita 120 mara mbili, zikianzia kwenye kona.

Jumamosi asubuhi anarudi kwenye nyasi: mita 100 mara sita kwa sekunde 20, mazoezi ya tumbo na mgongo, na kupokezana vijiti na wenzake watatu kwa mwendo wa taratibu. Eneo la kupokezana katika mbio za mita 100 mara nne lina urefu wa mita 30, na wanne hao wakitaka kulifanyia mazoezi kwa kasi kamili, hiyo ni kazi ya Ijumaa badala ya baadhi ya zile mita 80. Haiongezwi juu yake. Jumapili ni ibada, kufua na kulala.

Ratiba hii inamfaa mwenye mwaka mmoja wa mazoezi. Anayeanza, hasa wa kidato cha kwanza, hupewa siku mbili ngumu, Jumatatu na Alhamisi, na mita za kasi kama 120 hadi 150 kwa siku. Na baada ya kila wiki tatu za namna hii, wiki ya nne hupunguzwa: mbio hubaki za kasi ile ile, ila idadi yake hushuka kwa karibu nusu.

Namna ya kujua mambo yameharibika

Kabla ya kila siku ngumu, baada ya kupasha mwili moto, msichana wetu anaruka mbele mara tatu kutoka kusimama, na iliyo ndefu zaidi inaandikwa kwenye daftari. Kawaida yake ni mita 2.00. Ikishuka kwa zaidi ya asilimia tano, yaani chini ya mita 1.90, siku ngumu inageuzwa kuwa nyepesi.

Wiki ya tatu, Jumatano, anaruka 1.94, kisha 1.87, kisha 1.88.

"Miguu ikoje leo?" mwalimu anauliza.

"Mizito, mwalimu. Jana tulishindana na wavulana, halafu tukaenda kuchota maji ya jikoni."

Alizoea kufika 2.00, na leo ruko lake refu halijafika hata 1.95. Mruko wa kwanza bado uko juu ya mpaka, kwa hiyo namba peke yake haimzuii, lakini miwili iliyofuata imeuvuka na maelezo yake yanaeleza kwa nini. Mwalimu anaondoa mbio za kasi, anambakizia mazoezi ya mwendo na kumruhusu mapema. Ijumaa inabaki kama ilivyopangwa. Zile mita za Jumatano hazilipwi Alhamisi wala haziongezwi Ijumaa, kwa sababu siku ngumu iliyokosekana haipunguzi kasi ya mtoto, ila mbili zinazofuatana zinaweza kumlaza nje wiki nne.

Kuna dalili ambazo hazihitaji daftari. Msuli wa nyuma ya paja unaobana katikati ya mbio ni amri ya kusimama, hata kama mtoto anasema si kitu. Maumivu yaliyotanda kwenye ukingo wa ndani wa muundi mara nyingi hutokana na mita nyingi kwenye ardhi ngumu; apunguziwe na ahamishiwe kwenye nyasi. Maumivu yaliyo mahali pamoja, panapouma pakibonyezwa kwa kidole, yanaweza kuwa ufa mdogo kwenye mfupa na yanahitaji hospitali. Msichana anayekosa hedhi kwa miezi mitatu mfululizo apelekwe kwa daktari, kwani mara nyingi ni ishara kwamba chakula anachokula hakitoshi kwa kazi anayofanya, na mifupa yake iko hatarini.

Wiki ya mashindano

Mashindano ya wilaya yakiwa Jumamosi, umbo la wiki linabaki lakini mita zinapungua. Jumatatu anakimbia mita 20 mara tatu na mita 30 mara mbili, na mazoezi ya nguvu yanaondolewa. Jumanne ni mita 100 mara nne za taratibu. Jumatano anapita kwenye fito mara mbili tu na kuondoka kwenye vitalu mara tatu. Alhamisi anapumzika. Ijumaa, ikiwa safari si ndefu, anapasha mwili moto na kuondoka mara mbili kwa mita 15, kisha anarudi bwenini.

Jumamosi yenyewe ni nzito kuliko siku yoyote ya mazoezi. Akikimbia mchujo na fainali ya mita 100, mchujo na fainali ya mita 200, na vijiti, amekimbia kwa nguvu zote mara tano, jumla mita 700, mara nyingi juani na kwenye uwanja asiouzoea. Kati ya mbio anakaa kivulini, anakunywa maji kidogo kidogo, anakula ndizi au mkate, na anapasha mwili moto upya kwa ufupi kabla ya kila mbio.

Jumapili anapumzika, na Jumatatu haiwi ngumu hata kama amerudi na medali na shule nzima inataka kumwona akikimbia. Siku hiyo anatembea, ananyoosha viungo na kukimbia mita 100 mara nne kwenye nyasi. Jumanne anaruka mara tatu kutoka kusimama, daftari likiwa wazi. Mruko wake ukifika mita 1.90 au zaidi na miguu haina maumivu, siku ngumu ya kwanza ya wiki inaanzia hapo na inayofuata ni Alhamisi. Usipofika, mita 20 na 30 zinasubiri hadi Jumatano.